Jicho moja linalia: kutofautisha hemikrania ya vipindi, vichomi vya machozi na klasta

Mama muuza mahamri wa Majengo aliingia kliniki ameziba upande mmoja wa uso kwa leso. "Jicho hili lalia peke yake, mwanangu," akaniambia. "La pili lanitazama tu." Nikampa kiti. Nilikuwa ndiyo kwanza naandika umri wake, miaka 46, maumivu yakamshika. Aliinuka, akabana nyusi ya kushoto kwa kiganja, akawa anatembea baina ya kitanda na dirisha. Jicho la kushoto liligeuka jekundu, machozi yakamtiririka mpaka kidevuni, na tundu la pua la upande uleule likaanza kuchuruzika. Nilitupia jicho saa ya ukutani, kwa mazoea tu. Baada ya dakika 11 alirudi kitini, akajipangusa, akaniuliza tumefikia wapi.

Ndani ya mfuko wa plastiki alikuwa na karatasi za miaka miwili. Ametibiwa sainasi kwa antibiotiki mara tatu. Ameng'olewa gego la juu kushoto ambalo, kwa maneno yake, lilikuwa zima kama jiwe. Amepimwa macho akapewa miwani. Karatasi ya mwisho ilisema klasta, aina moja ya maumivu makali ya kichwa, na chini yake verapamili, vidonge ambavyo alivimeza miezi minne bila nafuu. Waliomwona hawakuwa wajinga. Kila mmoja aliona jicho jekundu, pua inayochuruzika na maumivu ya upande mmoja, akataja ugonjwa unaofanana na hayo. Mimi zile dakika 11 ndizo zilizonikalia kichwani.

Kwa nini zote zinafanana

Pwani tuna neno moja kubwa, kipandauso, na ndani yake tunatia karibu kila maumivu ya kichwa yanayokaa upande mmoja. Neno ni zuri, ila limebeba mengi mno. Maradhi matatu ninayoyazungumzia hapa ni ya ukoo mmoja. La kwanza ni klasta, ambalo ndilo maarufu kuliko ndugu zake. La pili ni hemikrania ya vipindi, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974 na madaktari wawili wa Norwe, Sjaastad na Dale. La tatu halina jina la Kiswahili lililokaa, nami nitaliita vichomi vya machozi. Kwenye barua ya daktari wa neva utaliona kwa herufi SUNCT, au SUNA ikiwa jicho halichanganyi wekundu na machozi kwa pamoja.

Neva kubwa ya uso, inayoitwa trijemina, ina tawi linalohudumia paji la uso na jicho. Tawi hilo likipiga kelele, habari hufika kwenye shina la ubongo, na pale kuna njia ya mkato kwenda kwenye neva inayofungua machozi na kamasi. Ndiyo maana ukipigwa puani unatoka machozi hata kama hukutaka kulia. Kwa wagonjwa hawa njia hiyo hujiwasha yenyewe, na inaonekana kinachoiwasha kimekaa ndani zaidi, kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoshika pia saa ya mwili. Kwa kuwa maradhi yote matatu yanapita njia ileile, yote huleta jicho jekundu, machozi, pua kuziba au kuchuruzika, jasho la paji, na mara nyingine kope kulegea. Kwa hiyo machozi yanakwambia umefika kwenye ukoo. Hayakwambii uko nyumba gani.

Hata kutembeatembea hakusaidii sana. Wanafunzi hufundishwa kwamba mgonjwa wa klasta hatulii, na ni kweli: wa kipandauso cha kawaida hutafuta kitanda na giza, wa klasta hutafuta ukuta wa kupiga kichwa. Lakini wa hemikrania ya vipindi naye wengi hawatulii, kama mama yule. Kutotulia kunatenga ukoo huu na kipandauso cha kawaida. Ndani ya ukoo wenyewe hakutengi kitu.

Kabla ya saa, angalia yasiyosubiri

Nitapita hapa haraka, ingawa si dogo. Jicho jekundu linalouma mfululizo kwa saa nyingi, lenye ukungu, na taa zinaonekana na duara za rangi, hilo ni la daktari wa macho siku hiyohiyo, kwani huenda ni shinikizo la jicho lililopanda ghafla. Kope iliyolegea na mboni iliyosinyaa pamoja na maumivu mapya ya shingo, hasa baada ya ajali au shingo kuvutwa, ni ya hospitali bila kupitia nyumbani, maana ukuta wa mshipa wa shingo huenda umechanika. Homa na shingo ngumu, maumivu yaliyofika kileleni ndani ya dakika moja kwa mara ya kwanza maishani, udhaifu wa mkono au mguu, au maumivu mapya ya kichwa kwa aliyepita miaka 50 ambaye panja lake linauma kuguswa na taya linachoka kutafuna: hayo nayo hayangoji shajara ya maumivu.

Pima dakika, usipime ukali

Ukali haufai kitu hapa, kwa sababu yote matatu ni makali. Kinachotenga ni muda wa shambulio moja na idadi ya mashambulizi kwa siku. Klasta hukaa dakika 15 hadi 180, na huja kuanzia mara moja kila siku mbili mpaka mara 8 kwa siku. Hemikrania ya vipindi hukaa dakika 2 hadi 30, na katika siku nyingi huzidi mara 5, mara nyingine hufika 20 au zaidi. Vichomi vya machozi huhesabiwa kwa sekunde: kutoka sekunde moja hadi 600, na kwa siku huweza kufika mamia. Kwa hiyo kadiri shambulio linavyokuwa fupi, ndivyo yanavyokuwa mengi. Ukikumbuka hilo peke yake, umeshika nusu ya kazi.

Shida ni kwamba mgonjwa haji na dakika. Yule mama nilipomuuliza kinamuuma muda gani, alijibu, "Asubuhi yote, mpaka niuze mahamri yaishe." Kwa jibu hilo mtu yeyote angeandika saa tatu, na saa tatu ndizo dakika 180, ukingo wa klasta. Hakudanganya. Mashambulizi manne yakifuatana kwa asubuhi moja, na baina yake pakabaki uchungu mdogo wa kuvuta nyuma ya jicho, akili huyashona yakawa kitambaa kimoja.

Kwa hiyo siulizi tena "muda gani". Nauliza, "Linapokukamata ukiwa unasukuma unga, linakuachia kabla ya kumaliza donge lile au baada ya kukaanga karai zima?" Halafu namtafutia mtu wa nyumbani mwenye simu. Kwake ilikuwa kijana wake wa kidato cha tatu. Kazi niliyompa ilikuwa ndogo: mama akishika nyusi, fungua saa ya kuhesabu, akiachia, funga, andika. Usimuulize mama kitu, mtazame tu. Siku ya Jumamosi alileta karatasi ya daftari la hesabu, na sehemu yake ilisomeka hivi:

- Saa 10:50 alfajiri, dakika 9, machozi, pua
- Saa 12:20 asubuhi, dakika 13, machozi
- Saa 1:35, dakika 11, jicho jekundu sana
- Saa 3:10, dakika 6, mama asema "kidogo"
- Saa 4:05, dakika 19, alitoka nje

Kwa siku hiyo nzima yalikuwa 13, fupi dakika 6, refu dakika 19. Usiku alilala mpaka alfajiri. Siku iliyofuata yalikuwa 11. Mpaka hapo klasta ilikuwa imeshaanza kuaga, maana mara 13 haimo kwenye kipimo chake.

Mtego wa oksijeni

Kwenye zile karatasi zake palikuwa na sentensi moja: "Alipewa oksijeni, akapata nafuu." Sentensi hiyo ndiyo iliyomfunga kwenye klasta. Oksijeni safi ya lita 12 hadi 15 kwa dakika, kwa maski yenye mfuko, mgonjwa ameketi, kwa dakika 15, ni tiba halisi ya shambulio la klasta. Sasa chukua mtu ambaye maumivu yake huisha yenyewe baada ya dakika 11. Muuguzi anatafuta mtungi, anafungua koki, anavalisha maski, na kabla ya dakika 15 maumivu yamekwenda. Kila mtu chumbani ameona oksijeni imefanya kazi.

Hivyo hivyo kwa sindano, kwa Panadoli, kwa kahawa chungu, na kwa kikombe cha maji ya zamzam. Shambulio fupi humpa sifa chochote kilichokuwa karibu lilipokwisha. Ukitaka kujua kama dawa ya shambulio inafanya kazi, linganisha na mashambulizi ambayo hayakupewa kitu. Yake yalikuwa dakika 11 hata bila oksijeni.

Mengi kwa siku, dakika 2 hadi 30: jaribio la indomethasini

Hemikrania ya vipindi ina tabia ambayo maradhi machache ya kichwa yanayo. Inaitii dawa moja, indomethasini, kikamilifu. Sisemi hupungua. Huisha. Utii huo ni sehemu ya maana ya ugonjwa wenyewe: bila huo, daktari wa neva hatakubali jina. Na dawa yenyewe ni ya kale, ya bei rahisi, kila duka la dawa kutoka Mwembe Tayari mpaka Likoni linayo kwa ajili ya magoti ya wazee.

Nilipomtajia mama dawa hiyo alicheka. "Hiyo nimeshaimeza. Nilinunua mwenyewe, siku tatu, asubuhi na jioni." Kapsuli ya miligramu 25 mara mbili ni miligramu 50 kwa siku. Kipimo cha kuamulia ni miligramu 150 kwa siku, na ikibidi kupandishwa mpaka 225. Alikuwa amegonga mlango kwa kidole kimoja, akaondoka akisema wenyewe hawapo.

Kabla ya kuanza, tulipima presha na kreatinini ya figo. Nilimuuliza kuhusu vidonda vya tumbo, kutapika damu, pumu inayochokozwa na aspirini, dawa za kuzuia damu kuganda, maradhi ya moyo, na ujauzito. Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo lingesimamisha safari au lingeibadilisha. Nilimpigia daktari wa neva tunayemtumia, akakubali mpango na akaomba picha ya MRI ya ubongo ionyeshe na tezi ya pituitari, kwa sababu uvimbe mdogo hapo unaweza kuiga maradhi haya yote matatu. Picha ilirudi safi. Kwenye faili nimewahi kuona mgonjwa aliyetii dawa vizuri kabisa na bado akawa na uvimbe, kwa hiyo utii wa dawa haufuti picha.

Tuliendelea hivi. Siku tatu za kwanza, miligramu 25 mara tatu, kila dozi katikati ya chakula, na omeprazoli miligramu 20 asubuhi kabla ya kula. Idadi ilibaki 12, 13, 11. Kijana aliandika pembeni, "dawa haifanyi." Siku ya nne tukapanda hadi miligramu 50 mara tatu. Siku hiyo yalikuwa 9. Siku ya tano yalikuwa 4, mafupi. Siku ya sita karatasi ilikuwa na tarehe tu, chini yake hakuna kitu. Siku ya saba vilevile. Kama tungefika siku ya saba bila mabadiliko, tungepanda hadi miligramu 75 mara tatu kwa siku chache kabla ya kusema hapana. Hapo ni kapsuli 9 kwa siku, na muuza dawa huenda akakupigia simu kuuliza kama hukukosea kuandika. Akipiga, ni mtu makini.

Ushahidi wa pili ulikuja bila kupangwa. Wiki ya tatu alikwenda matangani Likoni, akasahau dawa nyumbani, akakosa dozi mbili. Alfajiri yake jicho lililia, dakika 10. Alimeza akala, na hadi usiku palikuwa kimya. Ugonjwa unaokwenda na dawa na kurudi dawa ikikosekana umejitaja wenyewe.

"Tulijaribu indomethasini, haikusaidia"

Sentensi hii naikuta mara nyingi, na huwa na mojawapo ya sababu chache. Kubwa ni ile ya mama: dozi ndogo, siku chache. Ya pili ni kusubiri nusu ya matokeo. Mtu akipungua kutoka 12 hadi 7 anaandikiwa "amepata nafuu, endelea", akaachwa hapo. Kwa ugonjwa huu nafuu ya nusu kwenye dozi ndogo ina maana ya kupanda ngazi, na nafuu ya nusu kwenye miligramu 225 ina maana ya kutilia shaka jina. Ya tatu ni tumbo: mgonjwa ameacha siku ya pili kwa kiungulia lakini haya inamzuia kusema. Muulize vidonge vimebaki vingapi, kisha hesabu pamoja naye.

Na wakati mwingine haikusaidia kwa sababu kweli si ugonjwa huo. Hilo nalo ni jibu la maana, mradi kipimo kilikamilika.

Kwa tumbo sitanii. Dawa hii ni kali kuliko ndugu zake wengi wa aina ya ibuprofeni. Choo kikigeuka cheusi chenye kunata kama lami, unaacha na unakwenda hospitali. Kwa muda mrefu hupandisha presha na huchosha figo, na wapo wanaohisi kizunguzungu au kuvurugika mawazo, wazee hasa. Kwa hiyo baada ya wiki chache za ukimya tunashuka ngazi polepole kutafuta dozi ndogo inayoshika. Usiisome makala hii ukaenda kujinunulia kapsuli 9.

Sekunde, na uso hauguswi: vichomi vya machozi

Dereva mmoja wa tuktuk aliniletea picha nyingine kabisa. Yake yalikuwa kama sindano: sekunde 20, sekunde 40, mara nyingine msururu wa sindano moja juu ya nyingine kwa dakika mbili bila kushuka mpaka chini. Jicho la kulia lilijaa machozi ghafla kama bomba lililofunguliwa. Alikuwa ameacha kunyoa upande huo, ndevu zimeota nusu uso, na abiria wanamtania. Akivuka feri ya Likoni msimu wa kusi alijifunga kitambaa usoni, maana upepo wenyewe ulitosha kumchoma.

Alikuwa ametibiwa kama mwenye neuraljia ya trijemina, kwa karbamazepini, na kosa hilo lina msingi. Neuraljia nayo hupiga kwa sekunde, nayo huchokozwa na mguso, kunyoa, kutafuna, upepo. Tofauti ya kwanza ni mahali: neuraljia hupenda shavu na taya, vichomi vya machozi hukaa jichoni na pembezoni mwake. Ya pili ni wingi wa machozi, ambayo kwenye neuraljia huwa kidogo au hayapo. Ya tatu ndiyo ninayoipenda. Baada ya pigo la neuraljia, neva kwa kawaida hupumzika kidogo, na ukigusa palepale mara hiyo haijibu. Vichomi vya machozi havina mapumziko. Nilimuuliza dereva, "Likishakuchoma, ukigusa tena papo hapo?" Akanijibu, "Daktari, hapo ndipo laanza upya." Usijaribu kumgusa wewe. Yeye ameshafanya jaribio hilo mara elfu bila kutaka.

Indomethasini haikumfanyia chochote kwa dozi kamili, kama inavyotarajiwa. Oksijeni haina kazi hapa pia, na hakuna kidonge cha kumeza wakati wa shambulio, kwa sababu kabla hujafungua kifuniko limekwisha. Kinachobaki ni kinga ya kila siku, na ya kwanza ni lamotrijini. Huanza na miligramu 25 kwa siku kwa wiki mbili, kisha 50 kwa wiki mbili, halafu inapandishwa taratibu mpaka kipimo kinachoshika. Haraka hapa ni hatari: dawa hii huweza kuleta upele mbaya unaochubua ngozi na midomo, na kupanda kwa pupa huongeza hatari hiyo. Upele wowote katika wiki za mwanzo, simamisha na uonekane siku hiyo. Akikosa dozi kwa siku kadhaa mfululizo asirudie pale alipoachia, amuulize daktari, kwani huenda akaanza ngazi ya chini tena. Dereva alikaa wiki sita akinilaumu kwamba tunamchezea. Yalipokuwa mengi mno kiasi cha kushindwa kula, daktari wa neva alimlaza kwa siku chache akapewa lidokeini kwa mshipa, moyo wake ukiangaliwa kwenye mashine. Hiyo ni ya wodini tu. Picha ya MRI kwake ilikuwa lazima zaidi, kwa sababu mshipa wa damu unaokandamiza neva, au uvimbe wa pituitari, hupatikana kwenye kundi hili.

Saa nzima, usiku: klasta yenyewe

Ili usione kila mtu sasa ana hemikrania, hii hapa klasta ilivyo. Mlinzi wa ghala Shimanzi, mwanamume wa miaka 38. Akiwa zamu ya mchana, saa 7 usiku kitandani jicho linamwamsha, karibu saa ileile kila siku, na linakaa saa moja hadi moja na nusu. Huenda likarudi mara moja zaidi kabla ya adhana ya alfajiri. Limekuja wiki saba, kisha limetoweka karibu mwaka mzima, kisha limerudi. Katika zile wiki saba bilauri moja ya mnazi humletea shambulio kabla hajaamka mkekani. Nje ya msimu wake hunywa bila tatizo, na hilo humchanganya kuliko yote.

Kwake oksijeni ilifupisha shambulio kutoka dakika 70 hadi kumi na kitu, na hapo sifa ni ya oksijeni kweli. Verapamili ndiyo ilikuwa kinga yake, kwa kupimwa moyo kwa ECG kabla na kila dozi ilipopanda, kwani huweza kuchelewesha umeme wa moyo. Hakuna saa ya kidato cha tatu iliyohitajika. Mkewe alikuwa anajua dakika zote kwa moyo.

Wakikutana katikati

Umeshaona kwamba vipimo vinapandana. Shambulio la dakika 20 linaingia klasta na linaingia hemikrania. La dakika 5 linaingia hemikrania na linaingia vichomi. Hapa tazama idadi kwanza. Dakika 20 mara mbili kwa siku, moja usiku wa manane, inaelekea klasta. Dakika 20 mara 9, nyingi mchana, inaelekea hemikrania. Dakika 5 ambazo kwa karibu ni sindano thelathini zimefuatana, na kuosha uso kunazileta, ni vichomi. Hemikrania nayo ina kichokozi chake kwa wachache, mara nyingi kugeuza au kuinamisha shingo, lakini kuosha uso si tabia yake.

Ikibaki shaka, na tumbo na figo vinaruhusu, mimi huelemea kwenye jaribio kamili la indomethasini kabla ya kumfungia mtu jina la klasta. Jaribio hilo huchukua wiki mbili hivi. Mama yule alikwenda miaka miwili na jino moja.

Ramadhani ilinikuta sijajiandaa. Mama alitaka kufunga, na dozi tatu za chakula haziingii baina ya futari na daku. Alijaribu siku moja, dozi zote usiku. Saa 9 alasiri, sinia la viazi karai mbele yake, jicho likalia dakika 12. Dawa hii hukaa mwilini saa chache tu, na kutoka daku hadi magharibi ni saa 13 na ushei. Tulizungumza kuhusu kapsuli ya miligramu 75 inayoyeyuka polepole, lakini siku hiyo dukani haikuwepo. Yeye mwenyewe alikwenda kwa maalimu wa msikiti wao, akarudi na jibu fupi: mgonjwa ana ruhusa, atalisha maskini. Alilisha kwa mahamri.

Sasa yuko kwenye miligramu 25 mara tatu, kreatinini kila miezi mitatu, presha kila anapopita. Mwezi uliopita tulijaribu kushuka hadi mara mbili, jicho likalia siku ya pili, tukarudi tulipokuwa. Kijana bado anaweka karatasi ile kwenye daftari la hesabu, nyuma kabisa, tarehe zimeandikwa na mistari yake mitupu.